Kompyuta ya Watu Wengi: Jibu kwa Mchezaji Aliyefungiwa

Wakati wa likizo mimi ni mmoja wa wasimamizi wa seva ndogo ya Minecraft, wanayochezea wanafunzi wa hapa Kampala. Kwa wazee wetu waliotoka shuleni zamani, yafaa nieleze: seva ni kompyuta inayotunza ulimwengu wa mchezo, na wachezaji huingia humo kutoka mbali, wakajenga nyumba na kuweka mali zao sandukuni. Mwizi akiingia, sisi wasimamizi humfungia. Na karibu kila aliyefungiwa hutuandikia neno lile lile: "Si mimi. Kompyuta ile ni ya watu wengi."

Majuzi mchezaji mmoja ametuandikia hivyo. Nitamwita Kifaru07, maana majina yote nimeyabadili, na anwani pia si za kweli. Alikuwa akicheza katika duka la intaneti huko Wandegeya, akaondoka, na jioni yake sanduku la mwenzake likakutwa tupu. Vito vya almasi 41 vimechukuliwa kwa jina la Kifaru07. Yeye asema kuwa ameonewa kwa sababu ya kompyuta. Jibu langu naliandika hapa, kwa kuwa naona laweza kuwafaa wengine.

Kwanza, ndugu yangu, kompyuta haikukufungia, kwa maana seva yetu haiioni kompyuta. Katika Minecraft ya Java Edition seva humtambua mchezaji kwa mambo matatu: jina la akaunti, namba ndefu ya akaunti hiyo iitwayo UUID, na anwani ya mtandao unakotokea. Haijui kama umekalia kiti cha dirishani au cha mlangoni. Kwa hiyo msimamizi ana njia mbili za kufungia, nazo hazifanani hata kidogo:

```
/ban Kifaru07
/ban-ip 203.0.113.25
```

Ya kwanza hufunga akaunti, popote iendapo. Ya pili hufunga anwani, na kila anayetoka katika anwani hiyo hukataliwa, awe mwizi au mtoto wa jirani. Mchezaji mwenyewe aweza kujua ni ipi iliyompata, akisoma vizuri maneno ya kioo kabla ya kukasirika. Akiona `You are banned from this server`, jina lake ndilo lililofungwa. Akiona `Your IP address is banned from this server`, ni anwani iliyofungwa, na yawezekana kabisa kuwa yeye hana kosa lolote. Wewe, Kifaru07, ulituletea picha ya kioo chako, nayo yaonyesha maneno ya kwanza. Basi dai lako maana yake ni moja tu: kwamba mtu mwingine alitumia akaunti yako.

Jambo hilo lawezekana. Programu ya kuanzishia mchezo hukumbuka akaunti iliyoingia, na kuifunga dirisha peke yake si kutoka. Anayekalia kiti baada yako akibonyeza kitufe cha kuanza, ataingia kwa jina lako bila kuulizwa neno la siri. Lakini jambo linalowezekana si lazima liwe limetokea, ndiyo maana tukatazama kumbukumbu.

Hapa nina neno kwa wasimamizi wenzangu. Msimwonyeshe mlalamikaji kumbukumbu kabla hajasema mwenyewe aliondoka saa ngapi. Mkimwonyesha kwanza, atakata hadithi yake kwa kipimo cha kumbukumbu, nanyi hamtajua tena ukweli. Tulimwuliza Kifaru07, naye akajibu: saa kumi na nusu. Kisha tukafungua faili la `latest.log`, tukakuta haya:

```
[13:31:07] [Server thread/INFO]: Kifaru07 left the game
[13:42:10] [Server thread/INFO]: Kifaru07[/203.0.113.25:49812] logged in with entity id 318 at (102.5, 64.0, -233.1)
[13:55:36] [Server thread/INFO]: Mgeni22[/203.0.113.25:50377] logged in with entity id 402 at (8.5, 70.0, 3.5)
```

Msimamizi mwenzangu alipoona 13:31 alisema mara moja, "Mwongo huyu!" Lakini seva yetu ni ya kukodi, na saa yake imetegwa kwa saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Uganda kwa saa tatu. 13:31 ya seva ni 16:31 ya Kampala, ndiyo saa kumi na nusu na dakika moja kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Kwa hiyo alisema kweli. Nadhani wachezaji wengi wameitwa waongo kwa kosa hili la saa, wala hawakujua la kujibu.

Basi kuna pengo la dakika kumi na moja, kisha akaunti ile ile yarudi kutoka anwani ile ile. Je, ni mkono mwingine? Minecraft peke yake haiandiki nani kavunja ukuta au kufungua sanduku. Sisi tumeweka nyongeza iitwayo CoreProtect, ambayo huandika. Tuliuliza kwanza juu ya masanduku, kisha juu ya vitu vilivyoangushwa chini na kuokotwa:

```
/co lookup u:Kifaru07 t:2d a:container
/co lookup u:Mgeni22 t:2d a:item
```

Tukaona kuwa almasi zilitolewa sandukuni, zikaangushwa chini, na dakika ile ile zikaokotwa na Mgeni22, aliyekuwa ameingia seva kwa mara ya kwanza siku ile. Hili lina maana. Anayeiba kwa akaunti isiyo yake hawezi kuondoka na mali, kwa sababu mali hubaki mfukoni mwa akaunti. Ni lazima ampe mwingine. Mwenye akaunti akijiibia mwenyewe hana haja hiyo, angeweka vito katika sanduku lake nyumbani. Tulilitazama sanduku la Kifaru07, wala hakuna almasi iliyoingia humo.

Je, hii ni hakika? Hapana. Kifaru07 aweza kuwa na akaunti mbili, na Mgeni22 akawa ni yeye mwenyewe. Anwani yao ni moja, lakini ni anwani ya duka zima, hivyo haithibitishi wala haikanushi. Hapo ndipo kumbukumbu zinapokoma, na msimamizi anayedai kujua zaidi ya hapo anabahatisha.

Kwa sababu hiyo maoni yangu ni haya. Kosa la kuacha mlango wazi si kosa la kuiba, na adhabu zake zisilingane. Almasi tumezirudisha kwa mwenyewe. Mgeni22 tumemfungia, maana mali ilikutwa kwake, naye akija na maelezo yake tutayasikiliza. Kifaru07, ulikuwa umefungiwa daima. Sasa utakaa nje siku 14, nawe lazima ubadili neno la siri na kuiondoa akaunti yako katika mashine zote, kisha tutaandika `/pardon Kifaru07`. Wenzangu wengine wasema hii ni huruma mno. Mimi nasema siku 14 ni kwa ajili ya mlango ulioacha wazi. Kwa wizi ambao hatukuuthibitisha sina siku ya kukupa.

Nasaha moja haikupendeza masikioni mwangu wakati tulipokuwa tukilijadili shauri hili. Mmoja wetu alitaka tufunge anwani yote ya duka kwa `/ban-ip`, akatutajia methali ya samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo ni nzuri kwa kapu la samaki, lakini anwani ya mtandao hapa kwetu si kapu la mtu mmoja. Siku ile watoto wengine wanne walikuwa wakicheza kutoka duka lile. Amri yenyewe hutuonya, kwani ukiiandika hujibu `This ban affects` pamoja na idadi na majina ya waliomo wakati ule. Lakini haiwezi kuwahesabu watakaokuja kesho.

Hata bila duka jambo ni lile lile. Anwani za mtandao za aina ya zamani hazitoshi, na kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Tangu mwaka 2012 kuna fungu la anwani lililotengwa kwa kazi hiyo ya ndani, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Ukiona kifaa chako cha intaneti kimepewa namba ya fungu hilo upande wa kampuni, ujue anwani inayoonekana na seva si yako peke yako. Tena, mwizi wa simu huzima data akaiwasha tena, na mara nyingi hupata anwani nyingine, na ile iliyofungwa akaangukiwa nayo mtu asiyejua lolote. Hivyo mwenye hatia hupita, na asiye na hatia hubaki nje.

Jambo hili limewahi kuipata nchi nzima. Mwanzoni mwa mwaka 2007 wasimamizi wa Wikipedia ya Kiingereza waliifunga anwani moja kwa sababu ya uharibifu uliotoka huko. Anwani hiyo ilikuwa ndiyo njia ya karibu watumiaji wote wa intaneti wa Qatar, kwa hiyo watu wa nchi ile ambao hawakuwa na akaunti wakajikuta hawawezi kuandika, mpaka kufuli lilipoondolewa. Ikiwa nchi nzima yaweza kukaa katika namba moja, duka la Wandegeya ni nini?

Basi wewe utakayefungiwa kesho, usituandikie kwamba kompyuta ni ya watu wengi, kisha ukanyamaza. Tuandikie maneno uliyoyaona kwenye kioo, saa uliyoingia na saa uliyotoka, mahali ulipokuwa, na kama uliiondoa akaunti yako au ulifunga dirisha tu. Hayo manne twaweza kuyapima. Machozi hatuna kipimo chake.