Minervali ni mlango tu: mzazi wa Pweto ahesabu mwaka mzima

Matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka, katika wilaya ya Pweto swali la kwanza la mzazi huwa moja: minervali ya Lubumbashi ni pesa ngapi? Jibu likipatikana, familia inakaa, inauza mbuzi au inachanga, mtoto anapanda lori na risiti ya benki mfukoni. Watu wanaona kazi imekwisha. Januari simu zinaanza kulia: hakuna unga, hakuna pesa ya gari, silabusi imetoka na siku ya mwisho ya kulipa ni kesho.

Mzazi huyo hakudanganywa na mtu. Aliuliza bei ya kuingia darasani, akajibiwa bei ya kuingia darasani. Bei ya kuishi mwaka mmoja kama mwanafunzi ni hesabu nyingine, na hakuna karatasi ya chuo inayoionyesha.

Tuchukue mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anayesomea kampasi ya Kasapa na kulala kwa mjomba wake Katuba. Familia ya Pweto inasema nyumba ni bure. Lakini kutoka Katuba hadi Kasapa lazima apite mjini na abadilishe gari: magari mawili asubuhi, mawili jioni. Kwa mfano, tuseme gari moja ni franka 1,000. Siku moja inakula 4,000. Akisoma siku 22 kwa mwezi, ni 88,000. Kwa kuwa yuko mbali, hawezi kurudi mchana kula bukari ya shangazi. Mikate na maji ya kunywa vikimchukua 2,000 kwa siku, ongeza 44,000. Mwezi umefika 132,000, na miezi kumi ya masomo ni franka 1,320,000, kabla ya kununua daftari moja.

Bei za magari hubadilika, kwa hiyo kila mzazi aweke bei ya wiki hii. Namna ya kuhesabu haibadiliki. Chumba kidogo cha kushiriki na mwenzake karibu na Kasapa kisikataliwe kwa sababu tu kina kodi. Kilinganishwe na ile 132,000. Kama sehemu yake ya kodi, makala na mboga haifiki hapo, basi nyumba ya bure ndiyo ghali zaidi, na bado hatujahesabu saa zinazopotea barabarani. (Mjomba naye ana hesabu yake, ingawa kwa heshima hatasema: mdomo mmoja zaidi kwenye sahani kwa mwaka mzima.)

Kwenye chakula, Pweto ina nguvu ambayo mtu wa mjini hana. Kijana anakula karibu nusu kilo ya unga kwa siku. Kwa miezi 12 ni kilo 180 hivi, yaani magunia yasiyofika manne ya kilo 50. Familia yenye shamba la mahindi au mihogo, na samaki wakavu wa ziwa Mweru, inaweza kutuma sehemu kubwa ya chakula badala ya pesa. Ila gunia lina nauli yake kwenye lori, na njia ya Pweto hadi Lubumbashi kupitia Kasomeno ni zaidi ya kilomita 400. Mvua ikianza Novemba, lori linaweza kukwama siku nyingi kwenye matope. Chakula cha Desemba hadi Machi kipelekwe Oktoba, njia ikiwa bado kavu.

Hapo ndipo hesabu za wengi zinapovunjika, hata za wale walioorodhesha kila kitu. Pesa inaweza kutosha kwa mwaka na bado ikakosekana mwezi ule inapohitajika. Chuo kinafungua kuelekea mwisho wa mwaka: andikisho, sehemu ya kwanza ya minervali, godoro, sufuria, silabusi za kwanza, vyote ndani ya wiki chache. Kwa Pweto hiyo ni miezi ya ukavu wa pesa. Upande wa Zambia uvuvi wa Mweru hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na upande wa Kongo pia ziwa huwa na miezi yake ya kufungwa. Mahindi hayavunwi kabla ya Aprili. Anayetegemea nyavu au jembe lazima aweke pesa ya kufungua chuo kuanzia Mei hadi Septemba, yaani hata kabla hajajua kama mtoto amefaulu.

Aweke katika pesa gani? Minervali inahesabiwa kwa dola, gari na unga vinalipwa kwa franka, na anayeuza samaki ng'ambo anarudi na kwacha. Mwaka 2025 franka ilipanda ghafla mbele ya dola, na waliokuwa wameficha dola zote kwa ajili ya chakula waliona zinanunua kidogo kuliko walivyotegemea. Ni afadhali pesa ya minervali ikae katika dola na ya chakula ikae katika franka, au katika magunia.

Vitabu vinapimwa vibaya pia. Silabusi si kitu kimoja kinachonunuliwa Oktoba. Zinatoka moja baada ya nyingine, kila profesa na yake, na karibu na mitihani fotokopi huongezeka. Siku hizi, chini ya mfumo wa LMD ulioanza kutumika nchini mwaka 2021-2022, kazi za mtu binafsi ni nyingi, nazo zinataka mega za simu na kuchapisha. Mzazi amwombe mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kitivo kilekile amtajie silabusi zote alizolipa mwaka uliopita. Orodha hiyo inafaa kuliko kukisia.

Ugonjwa hauna orodha. Malaria moja ya kulazwa yaweza kumeza pesa ya chakula ya miezi miwili, na hospitali nyingi zinataka amana kabla ya kumpokea mgonjwa. Sheria ya mitwali ipo tangu Februari 2017, lakini anayejiandikisha leo mara nyingi hupitia kipindi cha kungoja kabla ya kuanza kutibiwa. Basi aandikishwe mapema, na mzazi mwalimu aulize kwanza kama bima yake ya kazini inamfunika mtoto aliye chuoni. Pasipo mitwali, akiba ya hospitali iwekwe kwa mjomba wala si kwa mwanafunzi, maana pesa iliyo mfukoni mwa kijana mwenye njaa haingoji malaria.

Mwaka uhesabiwe kuwa miezi 12 ya kula hata kama masomo ni kumi. Migomo ya maprofesa imekwisha kurefusha mwaka mara nyingi, na anayerudia mitihani kipindi cha pili anabaki mjini wakati wenzake wamerudi nyumbani.

Chuo chenyewe kina sehemu yake. Tanzania, bodi ya mikopo inatenga chakula na malazi kwa hesabu ya siku, na vitabu kwa fungu lake, mbali na ada. Marekani, sheria inavitaka vyuo vitangaze gharama ya mwaka mzima, pamoja na chakula, vitabu na usafiri. Lubumbashi haihitaji sheria mpya ili kubandika ukurasa mmoja wa namna hiyo kando ya tangazo la minervali, wenye bei za gari, kodi na silabusi za kila kitivo. Ukitoka Julai, utamkuta mvuvi wa Pweto bado ana samaki wa kuuza.