Ahadi si Fedha: Hesabu ya Nyumba ya Ibada Isomwe Hadharani

Nina ugomvi na tarakimu moja. Ni ile inayotangazwa mwishoni mwa harambee ya ujenzi wa kanisa, mshereheshaji akiwa ameshika kipaza sauti na vigelegele vikirindima: "Tumepata milioni 60!" Nasema bila kumung'unya maneno kwamba mara nyingi tarakimu hiyo si ya kweli, na kwamba kuta nyingi zilizoota nyasi katika viwanja vya ibada zilianza kufa siku ilipotangazwa.

Tuipasue kwa mfano. Chukulia kwamba katika hizo milioni 60, fedha taslimu pamoja na zilizotumwa kwa simu ni milioni 14. Saruji, nondo na mabati yaliyotolewa yamekadiriwa kuwa na thamani ya milioni 8. Zilizobaki, milioni 38, ni ahadi. Kamati ya ujenzi, kwa kulewa shangwe, inaingia mkataba na fundi kana kwamba zote zimo benki. Baada ya miezi sita nusu ya ahadi imelipwa, yaani milioni 19. Fedha iliyopatikana ni milioni 33, ukuta umefika kwenye lenta, na fundi amefungasha vifaa vyake. Ndipo waumini wanapoanza kunong'ona: milioni 60 zetu ziko wapi?

Hapo mhasibu mwaminifu anaitwa mwizi ilhali hajala hata senti. Lakini ukungu huo huo ndio maficho bora ya mwizi halisi, kwani pengo lolote analolitoboa atalieleza kwa sentensi moja: "Ahadi hazijalipwa." Nani atambishia, ikiwa orodha ya waliolipa anaijua yeye peke yake?

Vifaa navyo vina hila yake. Saruji iliyohifadhiwa kwenye mifuko hupungua nguvu kadiri miezi inavyopita. Mifuko iliyotolewa kabla msingi haujachimbwa yaweza kugeuka mawe stoo. Mabati ya wafadhili kumi huja kwa geji kumi. Kuvihesabu vitu hivyo kama fedha ni kujidanganya. Viandikwe kwa idadi: mifuko mingapi imepokelewa, mingapi imetumika, mingapi imebaki.

Wapo wanaonijibu kwamba nyumba ya Mungu haidai stakabadhi. Hao hupenda kurejea Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, inayosema kwamba wasimamizi wa ukarabati wa hekalu hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu. Nawasihi waisome sura yote. Kabla ya hapo makuhani walikuwa wakipokea fedha wenyewe, na hadi mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi nyufa zilikuwa hazijazibwa. Ndipo Yehoyada akatoboa tundu kwenye kifuniko cha sanduku na kuliweka kando ya madhabahu. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja. Uaminifu wa wasimamizi ulisifiwa baada ya fedha kuhesabiwa na watu wa ofisi mbili tofauti. Naye Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, hakukubali kubeba mchango peke yake. Aliambatana na wenzake ili asilaumiwe.

Ninachodai si kigumu. Kila mwezi zisomwe ibadani orodha tatu zisizochanganywa: fedha iliyopokelewa, vifaa vilivyopokelewa, na ahadi ambazo bado ni ahadi. Kisha isomwe fedha iliyotumika, pamoja na salio la akaunti ya ujenzi kama linavyoonekana kwenye taarifa ya benki, si kama linavyokumbukwa na mwenyekiti. Mkataba na fundi ugawanywe kwa hatua, yaani msingi, ukuta, kisha paa, na hatua isianze kabla fedha yake haijatimia.

Je, majina ya wasiolipa yasomwe? La hasha. Mjane aliyeahidi mfuko mmoja wa saruji kisha akauguliwa hapaswi kuaibishwa mbele ya watu. Sharika nyingi tayari zina bahasha zenye namba. Zibandikwe namba na kiasi kilicholipwa, ili kila mtu aikague sadaka yake mwenyewe. Asiyeiona atauliza, na swali lake ndilo ukaguzi usiolipiwa posho.

Najua ni nani atakayechukia utaratibu huu kuliko wote: mgeni rasmi. Mwanasiasa hupigiwa makofi kwa ahadi ya mamilioni, na hakuna anayemfuata baada ya uchaguzi. Basi jina lake, kwa kuwa yeye mwenyewe aliomba litangazwe, lisomwe kila mwezi pamoja na kiasi alichokwisha kulipa, hata kama ni sifuri.