Miwani inatoka, ila jicho usilitunge

Wacha niseme tu, manake kila siku naona picha za watu zimeharibiwa: kwenye kutoa miwani, fremu ndiyo kazi ndogo. Shida iko nyuma ya lenzi.

Lenzi ya mtu asiyeona mbali hupunguza jicho, tena huvuta ukingo wa shavu uingie ndani. Ile ya kusomea hulikuza. Kwa hivo ukifuta fremu peke yake, unabaki na uso wenye macho madogo na pengo kando ya shavu. Mtu ataangalia aseme kuna kitu hakiko sawa, lakini hatajua ni nini.

Kuna dada hapa Ukunda alileta picha ya marehemu babake, ya Idi, anataka kuitundika ukutani. Flashi ilikuwa imepiga lenzi ya kushoto, jicho halionekani. Fundi wa kwanza alichukua jicho la kulia, akaligeuza, akalibandika kushoto. Safi kabisa, hakuna alama. Lakini mzee kope lake la kushoto lilikuwa limelegea, na sasa yote mawili yako wazi, nuru kwenye mboni zinatazamana. Dada akasema, "Huyu si baba."

Nikamuomba picha nyingine ya mzee bila miwani, uso umeelekea upande uleule. Akapata moja ya zamani kidogo. Nikaiweka juu ya ile ya Idi, Opacity 50%, nikaipima kwa pua, pembe za mdomo na masikio. Usipime kwa macho hata kidogo! Hayo lenzi imeshayadanganya.

Alafu Layer Mask, na brashi laini. Mpaka wa mask niliupitisha juu ya nyusi na chini ya fremu, kwenye ngozi tupu, manake ukikata katikati ya nyusi, nywele hazikutani tena. Ile picha ya zamani ilikuwa ya manjano, nikaisawazisha kwa Curves, nikaongeza chenga kidogo zifanane.

Mabaki ya fremu juu ya pua nilitoa kwa Clone Stamp, brashi ndogo, kwenye leya tupu. Healing Brush ukiisogeza karibu na fremu nyeusi hunyonya ule weusi, ngozi inabaki na doa kama masizi. Na kivuli cha fremu shavuni usikisahau. Kikibaki, miwani iko bado.

Za viza ya Marekani msiniletee. Tangu 1 Novemba 2016 hawataki miwani pichani, na uso uliochezewa kwa kompyuta pia hawataki. Vua, upigwe upya.

Na kama marehemu hana picha nyingine bila miwani? Mimi hiyo kazi siichukui. Napunguza mng'ao pale jicho linapoonekana bado, miwani namwachia mwenyewe.