Zile siku saba za bi mdogo

Jamani, wivu wa uke wenza si ushamba. Hapa Mji wa Kale bi mkubwa anaweza kushuka Mtaa wa Biashara, akachagua leso kwa maneno yake tu, kisha akaivaa apite nayo mlangoni kwa mwenzake. Ujumbe ushafika, na hakuna aliyetukana mtu.

Lakini kinachouma zaidi, naona mimi, ni zile siku za mwanzo. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi Pwani twayafuata, bi harusi bikira hukaa na mume siku 7 mfululizo, aliyewahi kuolewa siku 3, ndipo zamu zianze. Na bi mkubwa halipwi siku hizo. Sasa asipoambiwa mapema, usiku wa nne ashaamini ameachwa. Si mumwambie, bwana!

Zamu, matumizi na makao yake mwenyewe ni haki yake, akipunjwa kadhi yupo. Mapenzi ndiyo hayana kadhi. Hata Kurani, Suratun Nisaa aya ya 129, yasema mume hataweza usawa kamili ajapotaka, ila asimwache mmoja akining'inia. Nimeona bi mkubwa aliyeacha kupima tabasamu za mume. Siku hizi anadai usiku wake na pesa ya sokoni, basi, na usingizi anaupata.