Mficha maradhi kifo humuumbua, mficha shamba je?

Na Mzee Kobe wa Donholm

Wababa wa mtaa huu, leo nawaudhi tena. Mwenye hasira arukie ukurasa wa michezo, kama kawaida yake.

Juma hili nimekaa chini ya turubai la matanga, Fezi ya Tano, nikisikiliza dada wawili wakidharauliwa kwa upole. Marehemu baba yao alikuwa na ekari mbili Machakos, zilizonunuliwa kwa mishahara yake na ya mkewe. Mdogo alifanya sachi ili mirathi ianze, karatasi ikatoka na jina la mtu wasiyemjua. Shamba liliuzwa na kuandikishwa miezi saba kabla ya kifo, mzee akiwa mgonjwa wa kushikwa mkono.

Baba yao mdogo hakutikisika. "Ndugu yangu aliuza chake. Nanyi binti zangu mtaolewa, shamba la nini?" Mkubwa ameolewa tangu enzi za Moi. Nusura chai initoke puani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Ardhi iliyokwisha kuandikishwa kwa mwingine mzee akiwa hai haimo tena kwenye mirathi, na mtoto hana kura ya kumzuia baba kuuza. Kama wangekuwa wameandikiana makubaliano tu, hati ikabaki kwa jina la mzee, shamba lingekuwa bado la mirathi na mnunuzi ndiye angekuja kudai.

Nusu ya pili haijui, au anajifanya. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka mke mwenyewe aridhie mali ya ndoa inapouzwa. Mkubwa alipata nakala za uhamisho. Pale pa mke pamebandikwa dole gumba. Mama yao ni mwalimu mstaafu! Amefundisha nusu ya Eastlands kushika kalamu, leo ageuke wa kupaka wino kidoleni?

Hati ya mnunuzi si ukuta. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaruhusu mahakama kuifuta ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management ya Mombasa, ilisema hati iliyoanza kwa haramu haimkingi aliyeishika. Lakini mwenye kesi yenye meno ni mama, si mabinti. Kwanza aweke tahadhari kwenye rejista, shamba lisiuzwe tena, kisha aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Nikauliza dole lile lilishuhudiwa na nani. Baba mdogo akakumbuka ghafla kwamba ana gari gereji. Mwacheni aende. Shahidi ametia sahihi, na mwalimu yule alisahihisha daftari za shemeji yake tangu darasa la tatu.