Waranti ya siku saba inamlinda nani?

Mwaka jana nilinunua friji ya mtumba kwa 14,000. Dukani ilikuwa inagandisha fiti kabisa. Siku ya 19 maziwa yakachacha, kompresa inanguruma tu, baridi hakuna. Muuzaji akaniambia, "Waranti ilikuwa siku saba, bosi."

Wasee, hizo siku saba hazikuchaguliwa bure. Friji yenye katundu kadogo ukiijaza gesi leo itagandisha poa, halafu gesi inavuja polepole hadi inaisha baada ya wiki kadhaa. Waranti inakufa kabla ugonjwa haujaonekana. Ndio maana mimi nasema ziwe siku 30.

Najua wauzaji mtasema wateja ni wajanja. Ni kweli, kuna mtu atang'oa kompresa nzuri, aweke mzoga, kisha akurudishie friji. Basi kabla haijatoka dukani, piga picha ya namba ya kompresa na uweke tone la rangi kwenye nati zake na kwenye paipu ya kujazia gesi. Mteja aone, atumiwe hizo picha WhatsApp. Rangi ikipasuka, waranti imeisha. Kuungua kwa stima pia si juu yako, bora risiti iseme lazima atumie friji gadi.

Na si lazima urudishe pesa papo hapo. Tengeneza kwanza, upewe siku tatu. Ikikataa, mbadilishie. Huna nyingine? Hapo sasa rudisha pesa yote.

Muuzaji anayekataa siku 30, mimi namuuliza tu: hiyo gesi uliijaza lini?