Dipoziti si bei ya nyumba

Wasee wa Voi, kuna uongo unazunguka kwa magrupu ya tredi na nimechoka nao. Ati kuuza opsheni uchi na kuuza spredi kunashika pesa karibu sawa, kwa hivyo anayenunua bima ni fala. Hesabu yao iko sawa. Maana ya hesabu ndiyo wameikosa.

Chukua hisa ya dola 50 kwa soko la Marekani. Unauza puti tano za straiki 45: umeahidi kununua hisa 500 kwa dola 45 kila moja, hata bei ianguke vipi. Unalipwa dola 500. Broka naye anashika sehemu ya akaunti yako. Kanuni ya kawaida ni asilimia 20 ya bei ya hisa, toa umbali kutoka bei hadi straiki, lakini isishuke chini ya asilimia 10 ya straiki.

```
max(20% × 50 − 5, 10% × 45) × 500 = 2500
```

Sasa spredi. Unauza puti hizo hizo, halafu unanunua tano za straiki 40 kwa dola 200. Umebaki na 300. Broka anachukua pengo la dola 5 mara hisa 500, anatoa hiyo 300, anashika 2,200.

Kwa skrini zinafanana, si ndio? Lakini 2,200 ndiyo hasara yako kubwa kabisa. Ile 2,500 ni dipoziti tu. Ukipanga nyumba Mwakingali kisha uichome, landilodi hatakwambia dipoziti imetosha.

Tuseme akaunti ilikuwa na 3,000, na malipo yakaifanya 3,500. Hisa inashuka hadi 42, puti moja inafika 4.50. Broka anapiga hesabu upya: asilimia 20 ya 42 ni 8.40, jumlisha 4.50, mara 500. Sasa anataka 6,450. Huna, na anaweza kukufungia tredi bila kukupigia simu. Kesho yake hisa ikifunguka 30, kujitoa kunagharimu angalau 7,500. Akaunti imeisha na bado unadaiwa 4,000. Wa spredi amepoteza 2,200. Ameumia, lakini hadaiwi.

Sisemi spredi haina meno. Siku ya mwisho, hisa ikifunga kati ya 40 na 45, unaweza kukabidhiwa hisa 500 huku bima yako ikifa bila thamani. Funga mapema.

Kwa hivyo msee akikuonyesha `BP Effect` ya opsheni uchi akidai ni rahisi, muulize swali moja: hisa ikianguka, hiyo namba itakaa hapo?